"Tuko wangapi?", maneno mawili niliyoyaacha nje ya pevee

Mimi nilichaguliwa sekretere juu ya kuuza kaye na biki, yaani madaftari na kalamu, sitanii. Siku ile prezida aliuliza nani kati yetu anajua kuandika vizuri, mtu mmoja huko nyuma akasema "si yule wa kaye", watu wakacheka, wakapiga makofi, na hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kuandika pevee, yaani kumbukumbu za mikutano, za chama chetu cha wauzaji hapa Kadutu, Bukavu. Tuko watu 64, wa makayabu, wa mawese, wa maharagi, wa sambaza, wa mitumba. Chama kina kesi, yaani mfuko wa pesa, ya kukopeshana na kesi nyingine ndogo ya wagonjwa na misiba. Ni ASBL, chama kisichotafuta faida, maana yake tuko chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, tuko na statu na tuko na kanuni za ndani, yale makaratasi yenye R.O.I. kwenye jalada ambayo kila chama Kongo kinayo na karibu hakuna anayeyafungua mpaka siku watu wamegombana.

Mimi pia sikuwa nimeyafungua. Pevee yangu ya kwanza ilikuwa kurasa 11 kwa mkutano wa saa tatu. Niliandika kila kitu, nani kasema nini, nani kajibu nini, hata pale papa mmoja wa mawese alipomwambia trezorie kwamba kesi yetu iko kama kikapu, ukitia maji yanatoka. Nilijiona mwandishi hodari kweli. Mkutano uliofuata nikaisoma kwa sauti ili ipitishwe, na tukakaa zaidi ya saa moja na nusu kwenye pevee tu! Papa wa mawese anasema hakusema kikapu alisema kitunga, trezorie anataka neno lifutwe, mama wa mitumba analalamika kwamba hotuba yake ndefu nimeifupisha na ya mwenzake nimeiacha nzima, kila mtu anataka kujisikia vizuri ndani ya karatasi. Ajenda ya siku hatukuigusa hata kidogo.

Mzee mmoja mshauri wa chama, aliwahi kuwa karani wa kata zamani, akaniita pembeni. "Mwanangu, ulisoma kifungu cha 23?" Nikasema hapana. Akanifungulia. Kilisema pevee inaandika yaliyoamuliwa na mkutano, si yaliyosemwa na wajumbe, na kwamba lazima ioneshe tarehe, mahali, saa ya kufungua na ya kufunga, waliokuwepo na waliotoa udhuru, mambo ya siku, kila pendekezo lililopigiwa kura na matokeo yake. Basi. Wazo hili si la kwetu peke yetu, yule mhandisi wa jeshi la Marekani Henry Martyn Robert aliyetoa kanuni zake za mikutano mwaka 1876 watu wake wanalishika mpaka leo: andika kilichofanyika, usiandike kilichosemwa. Bunge ni hadithi nyingine, kule kuna makaratasi ya namna mbili, moja ya shughuli na maamuzi na nyingine ya mijadala, ile ambayo wenzetu wa Nairobi na Dodoma wanaiita hansadi, na hapa kwetu Katiba ya 2006 yenyewe inataka muhtasari wa mijadala ya Bunge uchapishwe. Ila bunge lina watu wa kazi hiyo, wanapokezana. Chama cha wauzaji kina mimi na biki moja.

Nikafurahi sana na kifungu cha 23, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza, maana nilikisoma kama ruhusa ya kukata. Pevee ya pili kurasa mbili. Ya tatu ukurasa mmoja na nusu. Watu wananisifu, prezida ananisifu, zinapitishwa dakika tano, tunaendelea. Nilikuwa nakata kila kitu ambacho masikioni mwangu kilikuwa "maneno tu".

Sasa ile siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili, mkutano mkuu, chumba cha parokia chenye mabati, na mvua ya Bukavu mnaijua, ikipiga mabati hata anayeongea karibu yako humsikii. Korum yetu, wengine wanaita akidi, ni nusu ya wanachama na mmoja zaidi, yaani 33. Kwenye orodha mlangoni walisaini watu 37. Nikaandika juu ya ukurasa, waliokuwepo 37, korum imetimia, mkutano umefunguliwa saa nane na dakika ishirini. Safi.

Jambo kubwa la siku lilikuwa kupandisha kiwango cha juu cha mkopo kutoka dola 300 mpaka dola 500. Walibishana saa mbili nzima. Papa wa mawese alitoa hotuba ya dakika ishirini, alianza na bei ya mafuta huko Uvira akamalizia na mambo ya marehemu baba yake. Mvua ilipokatika kidogo watu wakaanza kuchomoka mmoja mmoja, wengine bidhaa zao ziko nje chini ya shiti, wengine wanakwenda mbali mpaka Bagira na barabara ile ikilowa inateleza vibaya. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi prezida akasema tupige kura. Hapo ndipo mama wa makayabu, anakaaga pembeni karibu na dirisha na huwa haongei, akasema, "Tuko wangapi?"

Prezida akasema, "Mama, tuko wengi, tunapiga kura." Akapiga mkono mezani. Mikono ikainuka, ndiyo 16, hapana 9, waliojizuia 3. Limepita.

Kwenye kaye yangu ya bruyo, ile ya rasimu, niliandika haraka haraka hivi: "mama makayabu anauliza tuko wangapi, prez: wengi. 16/9/3". Hiyo kaye sikuitupa, ukurasa ulikuwa na doa la maji ya mabati. Lakini nilipoandika pevee safi jioni ile, nikiwa na kifungu cha 23 kichwani, niliandika tu: "Baada ya majadiliano, mkutano mkuu umekubali kwa wingi wa kura kupandisha kiwango cha juu cha mkopo hadi dola 500." Hotuba ya dakika ishirini nje, sawa kabisa. Swali la maneno mawili nje. Hesabu ya kura nje pia, eti "wingi wa kura" inatosha.

Mkutano uliofuata pevee ikapita bila neno, mama wa makayabu siku hiyo alikuwa kilioni. Watu watatu wakachukua mkopo wa dola 500. Miezi minne baadaye mmoja wao akachelewa kulipa, komite ikamwita, naye akaja na hoja ambayo mpaka leo naikubali ingawa ilinichoma: ile kura haikuwa na korum, kwa hiyo kiwango halali bado ni 300, kwa hiyo yeye riba ya zile 200 za juu halipi. Alijuaje? Shemeji yake alikuwemo mkutanoni na alihesabu mikono, 16 na 9 na 3 ni 28, na 28 haifiki 33.

Komite ikaniambia toa pevee. Nikatoa. Pevee inasema 37 walikuwepo, imekubaliwa kwa wingi, na imepitishwa na mkutano uliofuata. Kwa macho ya karatasi hakuna tatizo lolote, na karatasi ilikuwa inadanganya.

Kilichoniumiza ni kifungu cha 17, ambacho sasa ndio nilikisoma vizuri kwa mara ya kwanza. Kinasema korum inahakikiwa wakati wa kufungua, na inahakikiwa tena kabla ya kura yoyote *ikiwa mjumbe anaomba*. Soma tena hapo mwisho. Maana yake kama hakuna aliyeomba, korum ya kufungua inahesabiwa kuwa ipo mpaka mwisho, hata kama nusu wameshaenda kula sombe kwao. Lakini akiomba mtu mmoja tu, prezida hana ruhusa ya kusema tuko wengi, lazima ahesabu. Kwa hiyo "tuko wangapi?" halikuwa neno la kupiga soga, lilikuwa mosio ya utaratibu, mama yule alikuwa amevuta kamba ambayo kanuni zenyewe zimemwekea mkononi, na mimi niliisikia kama mtu anayeuliza tu juu ya baridi. Hotuba ya papa wa mawese, pamoja na ukubwa wake, haikuvuta kamba yoyote, ungeifuta yote na hakuna haki ya mtu inayobadilika.

Niseme kitu kuhusu lugha, maana hapa ndipo wengi tunaanguka. Tukisoma kanuni tunadhani mtu atasimama aseme "naomba kuhakikiwa kwa korum kwa mujibu wa kifungu cha 17". Hakuna mtu wa soko anayeongea hivyo. Atasema tuko wangapi, au watu wameisha hapa, au tunapiga kura na viti? Sekretere ndiye anatakiwa asikie kifungu ndani ya maneno ya kawaida, na kama hana uhakika aulize pale pale, "Mama, unaomba tuhesabu?" Akisema hapana, basi ni maneno tu. Akisema ndiyo, biki inaandika jina, saa na jibu la prezida.

Tuliporudi kwenye mkutano mkuu kulikuwa na kambi mbili na zote mbili zilinitaka nifanye kitu ambacho sikuweza. Upande mmoja ulitaka nisahihishe pevee niandike kwamba korum haikuwepo. Upande wa pili ukasema kura 28 si watu 28, wengine walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama mvua na hawakuinua mkono, kwa hiyo korum labda ilikuwepo. Na kwa kweli hao wa pili hawakuwa wanasema uongo. Kura zinaonesha waliopiga kura, hazioneshi waliokuwemo chumbani. Aliyekaa kimya bila hata kujizuia bado anahesabiwa kwenye korum. Orodha nayo inasainiwa wakati wa kuingia tu, hakuna anayesaini kutoka. Kwa hiyo saa kumi na moja kasoro kumi ya Jumapili ile tulikuwa wangapi? Kati ya 28 na 37, na hakuna binadamu anayeweza kusema zaidi ya hapo, kwa sababu hakuna aliyehesabu.

Mzee mshauri akasema kitu ambacho nilikiandika ndani ya jalada la kaye: sekretere anasahihisha alichokosea kuandika, hasahihishi ambacho hakikufanyika. Nilikuwa na haki ya kuingiza vitu viwili, ombi la mama pamoja na jibu la prezida, na hesabu ya kura, kwa sababu vyote vilitokea na bruyo inavyo. Sikuwa na haki ya kuandika "korum haikuwepo" wala "korum ilikuwepo". Tulifanya hivi: pevee ya zamani haikufutwa, wala hatukubandika karatasi juu yake, sahihisho liliandikwa kwenye pevee ya mkutano mpya kwa maneno kamili, na pembeni ya ile ya zamani tukaweka alama na tarehe inayopeleka kwenye sahihisho, prezida akatia saini, na mimi pia. Halafu jambo lenyewe likarudishwa kwenye ajenda kama jambo jipya na kupigiwa kura upya, tumehesabiwa watu 41, ndiyo 29, hapana 8, waliojizuia 4. Ile mikopo mitatu iliyotoka katikati ikapata kura yake peke yake, kwamba mkutano unaithibitisha kwa masharti yaliyosainiwa. Yule ndugu alilipa riba yake, kwa kununa, lakini alilipa.

Mtu mmoja aliuliza kwa nini tusirekebishe tu wakati wa kupitisha pevee na mambo yaishe. Hapana. Kupitisha pevee ni kukubali kwamba karatasi inasema kweli juu ya kilichotokea, basi. Uamuzi mbaya ulioandikwa vizuri unapitishwa kwenye pevee vile vile, ukitaka kuubadilisha leta pendekezo. Kwetu watu walikuwa wanatumia nafasi ile kuanza ubishi upya, siku hizi prezida anauliza swali moja, "Hiki kilitokea au hakikutokea?"

Baada ya hapo nilikaa jioni tatu na kanuni zetu nikazisoma kinyume. Sikuanza na kifungu cha 23 kinachozungumzia pevee. Nilianza na cha 1 nikateremka, na kwa kila kifungu nikajiuliza: mtu akija mwaka kesho na akasema hamkukifuata hiki, nitamwonesha mstari gani? Kama kifungu kinahitaji mstari, mstari huo ni wa lazima kwenye pevee, hata kama cha 23 hakikuutaja. Kama hakuna kifungu kinachouhitaji, uko huru kuuacha. Ilinibadilishia kazi yote, maana orodha ya kifungu cha 23 ni kama chini ya mfuko, haikuambii mfuko unaishia wapi juu.

Mfano kifungu cha mwenye masilahi. Kwetu kinasema mwanakomite ambaye jambo linamhusu yeye au ndugu yake anatoka nje wakati wa mjadala na kura. Kifungu cha 23 hakisemi niandike nani ametoka. Lakini nisipoandika, nitamwoneshaje mtu kwamba alitoka? Kwa hiyo naandika jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Sababu ya masilahi naandika kwa maneno matatu, "mkopaji ni mdogo wake", na sio hadithi ya familia.

Kifungu cha adhabu ni hivyo hivyo. Kinasema mwanachama hafukuzwi kabla ya kusikilizwa. Hapo mstari wa lazima ni kwamba aliitwa, kwa barua ya tarehe fulani, alikuja au hakuja, alipewa nafasi ya kujitetea, na alichojitetea nacho kwa ufupi. Hapa ndipo ile kanuni ya "kilichofanyika, si kilichosemwa" inageuka, kwa sababu kusema kwake ndicho kitendo ambacho kanuni inakitaka. Yale aliyorushiwa na wengine, mwizi, mchawi, mtoto wa nani sijui, hayana kifungu, yanabaki nje. Na kama prezida amemtaka mtu arudishe neno lake naye akalirudisha, mimi neno lenyewe siliandiki. Akikataa kulirudisha na akatolewa nje, hapo sasa ni adhabu, lazima niandike alitolewa na kwa nini, na kwa bahati mbaya neno lenyewe linaingia kwa sababu ndilo sababu.

Kuna vitu ambavyo kanuni zinakukataza kuviandika, na hivi watu wanavisahau. Kura ya siri, huandiki nani kapiga vipi hata kama ulimwona, unaandika jumla na majina ya waliohesabu. Pendekezo lililoondolewa na mwenyewe kabla halijapigiwa kura, kwetu linaachwa, ila kama liliahirishwa linaandikwa, maana litarudi. Na ile kesi ya wagonjwa. Kifungu chetu kinasema maombi ya msaada wa ugonjwa yanasikilizwa mlango umefungwa na pevee inaandika uamuzi na kiasi tu. Siku moja papa mmoja wa komite alishikilia niandike ugonjwa wenyewe wa mama aliyeomba, eti pesa za watu lazima zijulikane zimekwenda wapi. Nikamwambia Papa, zimekwenda kwa mwanachama namba fulani, dola 60, karatasi ya matibabu iko kwa trezorie na wakaguzi wa hesabu wataiona, lakini pevee inasomwa kwa sauti mbele ya watu 64 na yule mama kesho anarudi kuuza nao. Alinung'unika, akasema basi andika kwamba mimi sikukubali.

Na hiyo niliiandika! Mwanzoni nilikuwa nakataa maombi ya "andika kwamba mimi sikukubali", nilidhani ni kiburi tu cha watu. Kanuni zetu zinampa mwanakomite haki ya kuandikwa upinzani wake na sababu fupi, na ina maana, kwa sababu komite inawajibika pamoja, mambo yakiharibika yeye ataulizwa pia na mstari ule ndio ngao yake. Mwanachama wa kawaida kwenye mkutano mkuu kwetu hana haki hiyo, kura yake iko ndani ya ile namba ya hapana. Kwenu inaweza kuwa tofauti, msinibebe mimi kama kanuni.

Mwaka mmoja baadaye wauzaji wa maharagi walijitenga kidogo wakaanzisha ushirika wa kununua pamoja, wakaniomba niwaandikie mtindo wa pevee. Nikawapelekea ule wangu na kifungu cha 23 kama kilivyo, nikiwa na raha zangu. Mwanasheria aliyewasaidia akakirudisha na mstari mwekundu. Ushirika na makampuni Kongo, tangu nchi yetu iingie OHADA, ule umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, tarehe 12 Septemba 2012, viko chini ya sheria za pamoja, na kule kanuni za ndani haziwezi kushuka chini ya sheria. Akanionesha kwenye ile ya makampuni, kifungu cha 134, kwamba pevee ya wanahisa lazima iwe na *muhtasari wa majadiliano*, pamoja na mambo ya siku, makaratasi yaliyoletwa, maneno ya kila azimio na matokeo ya kura, akasema ile ya ushirika iliyopitishwa Lome Desemba 2010 inafuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo "baada ya majadiliano" yangu, ambayo kwenye chama inatosha, kwao ni upungufu. Muhtasari hautaki kurasa 11. Tulikubaliana mistari mitatu mpaka sita kwa kila azimio, hoja za upande huu, hoja za upande ule, bila majina ya watu isipokuwa pale kanuni inapotaka jina. Hoja, si wasemaji. Papa wa mawese na dakika zake ishirini angepata nusu mstari: "kwamba bei ya mafuta imepanda na 300 haitoshi mzigo mmoja".

Jambo lingine kule ni daftari lenyewe. Karatasi zinafuatana kwa namba na zimetiwa saini ndogo, ukurasa ukishaandikwa hata mistari miwili unaungana na zilizotangulia, na ni marufuku kuongeza, kutoa, kubadilisha au kupanga upya. Nilipoona hivyo nilirudi kwenye chama nikawaambia na sisi tufanye hivyo, maana mimi nilikuwa natumia karatasi za kutoboa na faili. Walikubali haraka. Mtu mmoja akasema bila shaka sekretere anataka kutuuzia kaye kubwa, na kweli niliwauzia, kwa bei ya jumla.

Kaye ya bruyo, kwa wanaouliza, kanuni zetu hazisemi kitu. Wengine wanaichoma pevee ikishapitishwa, kuna hoja kwamba bruyo inaleta ugomvi kwa sababu ina maneno ambayo pevee iliyaacha kwa makusudi. Naelewa. Lakini bila ile yenye doa la maji, ombi la mama wa makayabu lingebaki neno la shemeji wa mtu dhidi ya neno la prezida. Tulipitisha azimio kwamba bruyo inakaa kwa sekretere mpaka mwaka wa hesabu ufungwe, haionyeshwi mtu ila kwa uamuzi wa mkutano, halafu inachomwa mbele ya wakaguzi. Sehemu za mlango kufungwa naziandika kwenye karatasi nyingine ambayo inachomwa siku pevee inapopita.

Mama wa makayabu sasa ni mkaguzi wa hesabu. Bado anakaa karibu na dirisha. Mkutano wa mwisho, kabla ya kura ya kotizasio, alinitazama tu bila kusema neno, akainua nyusi. Nikamuuliza, "Mama, unaomba tuhesabu?" Akasema, "Hapana mwanangu, nilishahesabu, tuko 39." Nikakaa na biki hewani sijui hilo nalo niliandike au nisiliandike. Prezida akasema tuhesabu tu. Tulikuwa 38, mmoja alikuwa mtoto wa mama wa sambaza.